Skrini haijamfungia dereva mlango wa umeneja

Ukiingia kwenye yadi nyingi za malori Dar es Salaam siku hizi utakuta chumba ambacho miaka kumi na tano iliyopita hakikuwepo. Ndani kuna skrini kubwa yenye ramani, na juu ya ramani kuna vidoti vinavyotembea: kimoja Chalinze, kingine kinapanda Kitonga, vitatu vimeganda Tunduma. Mbele ya skrini wamekaa vijana wawili watatu waliomaliza chuo, wanapiga simu kuuliza kwa nini gari namba fulani limesimama. Madereva wanaopita dirishani wamekwisha kutoa hukumu yao, nayo husikika kila kijiwe cha malori kutoka Kurasini hadi Mpemba, kwamba ngazi ya dereva kupanda hadi kuwa meneja wa magari imekatwa na nafasi sasa ni za wenye vyeti na kompyuta. Wamiliki wengi nao wanaamini hivyo, ila wao wanafurahia.

Naona pande zote mbili zimeisoma vibaya hali hii. Kifaa cha GPS na kihisi cha mafuta kwenye tangi vimezalisha taarifa nyingi ambazo mtu asiyeijua barabara hawezi kuzitafsiri, na hivyo vimempandisha thamani dereva aliyekomaa kuliko wakati wowote. Kinachomzuia asipande ni mambo mawili ambayo hayaanzii kwenye skrini. Kwanza, anachokijua hakijawahi kuandikwa mahali popote kwa namna ambayo mwingine anaweza kukikagua. Pili, hatua ya kwanza ya kupanda humpunguzia kipato badala ya kumwongezea.

Tuanze na jinsi ngazi ilivyokuwa. Kijana alianza utingo, akafunga maturubai, akabadilisha matairi, akajifunza kulirudisha tela kinyumenyume kwenye yadi. Baadaye akapata leseni ya daraja E, akapewa kichwa kikuukuu, yaani gari lenye injini linalovuta tela, kisha gari jipya. Akiaminika, tajiri alimkabidhi msafara, yaani awe kiongozi wa magari matano au sita yanayokwenda Zambia na Kongo kwa pamoja. Kutoka hapo alirudi yadi akawa mtu wa kupanga safari, kugawa mafuta na posho, kupokea magari yanayorudi. Wengine wakawa mameneja kamili. Ngazi hiyo ilisimama juu ya kuaminiana kwa sura, na ilifaa kampuni ya magari manane ambayo tajiri anawajua madereva wake hadi kwao. Kampuni ikifika magari themanini, tajiri hawezi tena kujua nani anaaminika kwa kumtazama. Anataka karatasi, na hapo ndipo kijana wa chuo alipoingia.

Hoja ya kumtetea kijana wa chuo ni nzito, wala siibezi. Kazi ya meneja wa magari leo ina mikataba na wenye mizigo, bima, mikopo ya benki, ratiba za matengenezo, na sheria. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inahesabu ekseli kwa ekseli. Gari la ekseli sita linaweza kuwa ndani ya tani 50 zake kwa jumla na bado likakwama mizani ya Vigwaza kwa sababu ekseli mbili za nyuma za kichwa zimevuka tani 18, kisa kontena lilipakiwa zito upande wa mbele. Mtu anayesimamia magari themanini lazima aweze kukaa na jedwali, akaona ni magari yapi hukamatwa kwa uzito, yalipakiwa na nani, ghala gani. Dereva mwenye uzoefu atakwambia ghala hilo lina tatizo. Jedwali litakuonyesha lina tatizo mara ngapi na linakugharimu kiasi gani, na mwenye mzigo hawezi kubishana nalo.

Lakini jedwali hilo hilo mikononi mwa mtu asiyejua barabara linaweza kuleta madhara. Mfano mzuri ni mafuta, kwa sababu ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya ofisi na madereva.

Tuchukue malori mawili yaliyotoka Dar kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, takriban kilomita 2,000. Ofisi imepanga kila gari litembee kilomita mbili kwa lita, kwa hiyo kila moja limehesabiwa lita 1,000. La kwanza limekula lita 1,010, la pili limekula 1,120. Skrini inaonyesha tofauti ya lita 110, na kwa kijana aliyefundishwa kwamba madereva hunyonya mafuta, kesi imekwisha: dereva wa pili akatwe mshahara. Sasa mkabidhi taarifa hizo hizo mtu aliyeendesha njia hiyo. Swali lake la kwanza ni uzito wa mzigo. La kwanza lilibeba tani 25, la pili 31. Kwa barabara yenye milima kama ile, kila tani ya ziada hula kama nusu lita kwa kila kilomita 100, kwa hiyo tani sita hula lita tatu, na kwa kilomita 2,000 ni lita 60. Swali la pili ni foleni. La pili lilikaa Tunduma siku mbili likisogea hatua kwa hatua, injini ikinguruma saa 14 kwa jumla. Injini kubwa ikinguruma bila kutembea hula lita mbili na nusu hivi kwa saa, na hapo zimepatikana lita 35 nyingine. Jumla ni 95. Zimebaki lita 15 kati ya lita 1,120, kiasi ambacho kihisi chenyewe kinaweza kukosea. Hakuna mwizi hapo.

Kihisi nacho kina tabia zake, na anayekisoma lazima azijue. Lori likiegeshwa kwenye mteremko, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, na kwenye skrini mstari hushuka ghafla kana kwamba mtu amefungua bomba. Gari likirudi mahali tambarare, mstari hupanda wenyewe. Wizi wa kweli una sura nyingine: injini imezimwa, gari limetulia, mstari unashuka lita hamsini au themanini ndani ya dakika chache, na gari likiondoka haurudi tena juu. Upo pia wizi wa kijanja zaidi, wa kuchepusha mafuta kwenye mpira unaoyarudisha tangini huku injini ikiwa inawaka. Huo hauonyeshi mshuko wowote wa ghafla, unaonekana kama gari linakula sana. Unaugundua kwa kulinganisha mafuta yaliyopungua kwenye tangi na mafuta ambayo kompyuta ya injini inasema imeyachoma. Na kuna magari yenye matangi mawili ambayo fundi ameweka kihisi kimoja tu. Hapo taarifa yote ya ofisi ni nusu taarifa, na aliyeendesha gari hilo ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Nimewahi kukaa kwenye chumba kama hicho nikitazama haya yakitokea. Kijana wa zamu alikuwa ameshika simu tayari kumfokea dereva aliyeonekana "amepoteza" lita arobaini Iringa usiku. Mzee mmoja wa dispachi, kitengo cha kupanga safari, aliyewahi kuendesha njia hiyo, akamwambia, "Mdogo wangu, subiri asubuhi. Pale alipopaki pana mlima, kichwa kimeangalia juu." Asubuhi gari lilipofika Mafinga mstari ulikuwa umerudi karibu lita zote. Simu ile ingepigwa, kampuni ingemtukana mtu mwaminifu kwa sababu ya maegesho.

Wamiliki wengi watanikatiza hapa kwa hoja wanayoipenda kuliko zote, kwamba dereva wa zamani akikaa ofisini atawalinda wenzake, kwa kuwa alikula nao na mbinu zao ni zake. Kati ya hoja zote zinazotolewa dhidi ya kumpandisha dereva, hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtu anayejua mafuta hunyonywa wapi, saa ngapi, na kwa mpira upi, ndiye pekee anayeweza kutofautisha wizi na mlima. Ofisi isiyojua humwacha mwizi hodari na kumkamata mwaminifu, na madereva wakishaona kwamba mwaminifu na mwizi wanakatwa sawasawa, uaminifu unakosa faida. Isitoshe, udhibiti hautegemei usafi wa moyo wa mtu mmoja. Aliyetoa mafuta asiwe ndiye anayefunga hesabu ya safari, na aliyefunga hesabu akaguliwe na mhasibu. Kijana wa chuo naye anaweza kupewa chochote na dereva ili afumbe macho, tena yeye hudanganywa bila hata kupewa kitu.

Upande wa madereva nao una hoja ambayo haisimami, ile ya "mimi nina miaka ishirini kwenye usukani". Miaka ishirini ni kitu kikubwa, lakini ikiwa haijaandikwa popote, mwajiri hana namna ya kuipima. Muulize dereva wa masafa alikaa siku ngapi mpakani safari tatu zilizopita, na kwa sababu gani kila safari. Wengi watakujibu "foleni ilikuwa mbaya". Meneja hawezi kupanga magari kwa jibu hilo, na hapa ndipo pesa nyingi kuliko zote zinapopotelea. Ofisi nyingi hazijaligundua kwa sababu zimetumbulia macho lita.

Hesabu ni hii. Chukulia gari moja lina gharama zisizobadilika, yaani marejesho ya mkopo, bima, mshahara, vibali na sehemu yake ya gharama za ofisi, jumla shilingi milioni 9 kwa mwezi, litembee lisitembee. Likimaliza safari ya kwenda na kurudi kwa siku 20, kwa mwezi linafanya safari moja na nusu, na kila safari inabeba milioni 6 ya gharama hizo. Likitumia siku 30, safari hiyo hiyo inabeba milioni 9 zote. Siku kumi zimekula milioni 3. Tukiweka dizeli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, hizo ni lita 1,000, sawa na mafuta yote tuliyoyahesabu kwa kwenda Kasumbalesa. Zile lita 15 zilizokosa maelezo ni shilingi 45,000. Chumba kizima cha skrini kinapigania 45,000 huku milioni 3 zimelala kwenye foleni.

Siku hizo kumi huwa hazipotei mahali pamoja, na kwenye skrini zote zina sura moja: gari limesimama. Moja inaweza kupotea kabla ya kutoka Dar, kwa sababu mtu wa nyaraka alikosea tarakimu moja ya namba ya kontena. Namba hiyo ina herufi nne na tarakimu saba, na dereva makini huwa anasimama nyuma ya tela akiisoma mlangoni herufi kwa herufi, akiilinganisha na karatasi, kisha anasoma namba ya lakiri, ndipo anapanda. Akiliona kosa bandarini, linampotezea siku moja. Lisipoonekana hadi Tunduma, gari linakaa siku kadhaa likisubiri marekebisho kutoka Dar. Tatu zinaweza kupotea mpakani kwa sababu karatasi zilipelekwa kwa wakala wa forodha baada ya gari kufika, wakati zingeweza kutangulia. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, kuna ukaguzi ambao hufanyika mara moja badala ya mara mbili, lakini kituo hakiwezi kumsaidia mtu ambaye karatasi zake hazijafika. Mbili zinapotea Kasumbalesa. Nne zinapotea upande wa pili, gari likiwa tupu likisubiri mzigo wa kurudi ambao ofisi haikuutafuta mapema.

Dereva aliyekuwepo anazijua sababu hizi moja moja. Akiziandika, amekwisha kuanza kazi ya meneja. Haihitaji kompyuta. Daftari lenye mistari michache kwa kila kituo linatosha: saa ya kufika, saa ya kukabidhi karatasi, saa ya kuruhusiwa, sababu ya kuchelewa, kilomita zilizosomeka kwenye saa ya gari, na lita zilizojazwa. Baada ya safari kadhaa, daftari hilo linajibu maswali ambayo GPS haiwezi kuyajibu, kwa mfano wakala yupi huchelewesha na ni siku gani ya juma inafaa kufika mpakani. Dereva anayeomba nafasi ya dispachi akiwa na daftari hilo mkononi ana kitu ambacho kijana wa chuo hana na hawezi kukipata darasani. Akiongeza juu yake kozi ya usafirishaji, iwe pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, au kwingineko, akajifunza majedwali na barua pepe, mwajiri atatafuta kwa shida sababu ya kumkataa.

Neno darasa lina historia chungu kwa madereva wetu, na sitaki kuliruka. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na moja ya hoja zao kuu ilikuwa sharti la kwenda kusoma NIT kabla ya kuhuisha leseni, kwa gharama yao wenyewe. Walikuwa na haki ya kulalamika. Mtu asiye na mkataba wa ajira, anayelipwa kwa safari, ukimwambia aache safari alipie darasa umemnyang'anya mkate mara mbili. Lakini mgogoro ule uliacha kovu: hadi leo kusoma kunaonekana kama adhabu inayotoka serikalini au kwa tajiri. Kozi ya kuhuisha leseni na kozi ya kusimamia magari ni vitu viwili tofauti kabisa, na ya pili ndiyo inayobadilisha kazi ya mtu.

Hapo tunafika kwenye kikwazo cha pili, kile cha kipato, ambacho makampuni hayapendi kukizungumza. Dereva wa masafa ana mshahara, lakini anachoishi nacho hasa ni posho ya safari. Anayejua kubana matumizi njiani hurudi na sehemu ya posho hiyo mfukoni, na pengine ndiyo iliyojenga nyumba na kusomesha watoto. Mwite ofisini awe msaidizi wa dispachi kwa mshahara mtupu, ukimwambia umempandisha cheo, na mwezi wa kwanza tu mke atamuuliza pesa zimekwenda wapi. Mwezi wa tatu ataomba arudishiwe gari. Tajiri husema, "Unaona? Madereva hawataki ofisi." Ukweli ni kwamba amekataa kushushwa kipato. Kampuni inayotaka meneja kutoka barabarani inapaswa kufidia pengo hilo kwa mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Ukikumbuka zile milioni 3 za siku kumi, fidia hiyo ni ndogo mno.

Inasemwa pia kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu reli inakuja kuumaliza. Siuoni ukweli huo. TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 na inaishia Kapiri Mposhi, huku migodi ya shaba ya Kongo ikiwa mbele zaidi. Reli ikifufuka vizuri, mzigo mwingi utashuka stesheni na kumaliziwa na malori kwa safari fupi fupi. Kwenye safari ya siku tatu, kupoteza siku moja ni kupoteza theluthi. Anayejua kuhesabu siku atahitajika zaidi, na kampuni zitakazoumia kwanza ni zile ambazo ofisi zake zinajua kuhesabu lita tu.

Kwa mmiliki mwenye magari kumi au ishirini, pa kuanzia si pagumu. Achague dereva mmoja mwenye rekodi safi ya mafuta na ya mizani, ampe daftari, na mwisho wa kila safari wakae wote watatu, dereva, kijana wa skrini na mhasibu, wapitie kila mahali gari liliposimama zaidi ya saa sita na kuandika sababu. Baada ya miezi sita dereva huyo aingie dispachi kwa mshahara unaolingana na alichokuwa akipata barabarani, posho ikiwemo, kwa mkataba wa maandishi unaosema hivyo. Kijana wa skrini naye apande gari angalau mara moja, aende Tunduma na kurudi akiwa kiti cha abiria, ashuke mlima wa Iwambi akimtazama dereva anavyochagua gia kabla mteremko haujaanza. Mfumo wake unapiga kengele gari likifika kilomita 82 kwa saa kwenye tambarare. Likishuka pale kwa 45 likiwa na mzigo kamili, breki zikianza kutoa moshi, mfumo unakaa kimya.